Grafu ya masalio inaniambia nini kuhusu mstari wangu?

Swali: Ninajifunza regresheni kwa kutumia data ya `cars` iliyomo ndani ya R. Nilipata R² ya 0.65 na thamani ya p ndogo mno, nikafurahi. Kisha nikaambiwa nichore masalio kabla ya kuamini chochote. Nimechora, naona nukta zinapanda kutoka kushoto kwenda kulia, tena zinatawanyika zaidi upande wa kulia. Je, modeli yangu ni mbovu? Na kama ni mbovu, inaniharibia nini hasa?

Jibu: Mambo mawili uliyoyaona hayana uzito sawa. Kule kupanda kwa nukta kunatokana, kwa dhana yangu, na namna ulivyochora, lakini kule kutawanyika ni kasoro ya kweli.

Salio ni thamani halisi ukitoa thamani iliyokadiriwa na mstari. Ukichora masalio dhidi ya thamani halisi za `dist`, yaani umbali wa kusimama, nukta zitapanda daima, hata modeli ikiwa haina dosari yoyote, kwa sababu salio lenyewe limo ndani ya thamani halisi. Uwiano kati ya viwili hivyo ni kipeuo cha pili cha 1 ukitoa R², na kwa R² yako ya 0.65 unapata karibu 0.59. Kwa hiyo mhimili mlalo uwe wa thamani zilizokadiriwa, ambazo hazina uwiano wowote na masalio kwa jinsi mstari unavyokokotolewa:

```r
m <- lm(dist ~ speed, data = cars)
plot(fitted(m), resid(m))
abline(h = 0)
```

Sasa angalia upya. Data hii ina vipimo 50 vya miaka ya 1920: mwendo wa gari kwa maili kwa saa, na umbali ambao gari lilitumia hadi kusimama, kwa futi. Mstari wako una mteremko wa 3.93 na unakata mhimili wima kwenye −17.58. Kabla hata ya grafu, weka mwendo wa maili 4 kwa saa katika mlinganyo huo: unapata umbali wa karibu −1.8, yaani gari linasimama kabla ya kukanyagwa breki. Jibu la namna hiyo ni dalili kwamba uhusiano wenyewe huenda si mnyoofu.

Sharti la kwanza la regresheni ya mstari ndilo hilo: wastani wa umbali uongezeke kwa kiasi kilekile kwa kila maili inayoongezeka. Sharti hili likitimia, masalio yatazunguka sifuri kila mahali katika grafu, bila upande wowote kupendelewa. Katika data hii, kati ya nukta 11 za mwendo usiozidi maili 11 kwa saa, 7 zipo juu ya sifuri. Katikati, kuanzia maili 12 hadi 20, nukta 20 kati ya 32 zipo chini. Mwishoni, kwenye maili 24 na 25, nukta 4 kati ya 5 zipo juu tena. Juu, chini, juu: huo ni upinde, ingawa ni hafifu, na macho yasiyozoea huupita. Andika `plot(m, which = 1)` na R itakuchorea mstari mwekundu unaoufuata. Sababu yake inatoka katika fizikia, kwa kuwa umbali wa kusimama kwa breki hukua karibu kwa mraba wa mwendo, na hakuna mstari mnyoofu unaoweza kuufuata mraba kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Sharti la pili ni kwamba mtawanyiko wa masalio uwe sawa kote, na hapa ndipo data yako inapokosea waziwazi. Hadi maili 11 kwa saa, hakuna salio linalozidi futi 13 juu wala chini. Kuanzia maili 12, masalio yanafika hadi −29 upande mmoja na +43 upande mwingine. Umbo hilo, jembamba kushoto na pana kulia, hufananishwa na tarumbeta.

Umeuliza linaharibu nini. Mteremko wenyewe haupotoshwi na tarumbeta peke yake. Kinachoharibika ni kipimo cha shaka kinachoandamana nao. R hukokotoa kosa sanifu la mteremko kana kwamba kuna mtawanyiko mmoja tu, hapa futi 15.38, unaotumika kila mahali. Kwa hiyo thamani ya p iliyokufurahisha imejengwa juu ya namba isiyo ya kweli, ingawa katika data hii uhusiano una nguvu kiasi kwamba hitimisho la jumla halitabadilika. Madhara makubwa yapo kwenye utabiri. Ukiomba masafa ya utabiri ya asilimia 95 kwa mwendo wa maili 5, utapewa kuanzia takriban −30 hadi futi 34, masafa mapana kupita kiasi na nusu yake haiwezekani. Kwa maili 24 utapewa takriban 45 hadi 109, na bado gari moja lililopimwa kwa mwendo huo lilihitaji futi 120. Mtu anayepanga usalama wa barabara kwa modeli hii angekuwa na hofu kubwa pale pasipo na hatari, na utulivu pale penye hatari.

Kwa data hii, dawa moja hutibu kasoro zote mbili kwa sehemu kubwa, nayo ni kutabiri kipeuo cha pili cha umbali badala ya umbali wenyewe:

```r
m2 <- lm(sqrt(dist) ~ speed, data = cars)
plot(fitted(m2), resid(m2))
```

Tarumbeta hufifia na upinde hupungua sana. Kwa maili 4, modeli mpya inatoa karibu 2.57, ambayo ukiipandisha mraba ni futi 6.6, umbali unaoingia akilini. Usije ukalinganisha R² yake ya 0.71 na ile 0.65 ya awali, kwa kuwa zinapima vitu viwili tofauti: moja futi, nyingine kipeuo cha pili cha futi. Kumbuka pia kwamba ukirudisha kwa mraba unapata makadirio ya umbali wa kati, wala si wastani. Kuongeza mraba wa mwendo kwenye modeli ya kwanza kungenyoosha upinde, lakini tarumbeta ingebaki palepale.

Yapo masharti mengine mawili. La mtawanyo wa kawaida linahusu masalio, si `speed` wala `dist`, kwa hiyo histogramu ya data ghafi, ambayo wanafunzi wengi huanza nayo, haikuambii kitu juu yake. Tena ni sharti jepesi kuliko haya mawili, isipokuwa unapotaka masafa ya utabiri. La vipimo kutotegemeana ni zito, na grafu uliyoichora haiwezi kulionyesha. Ingekuwa gari moja limepimwa mara nyingi, au breki zinapata joto kutoka jaribio hadi jaribio, ungelazimika kuchora masalio kwa mpangilio wa vipimo vilivyochukuliwa. Katika `cars`, vipimo vimepangwa kwa mwendo na hakuna safu ya muda wala ya jina la gari, kwa hiyo sharti hilo huwezi kulikagua kwa data uliyo nayo.