Saa 168 za wiki zinaenda wapi?

"Naishi Usa River, duka liko Arusha mjini. Nataka kusoma ushonaji saa sita kwa wiki ila sipati muda kabisa. Nifanyeje?"

Dada, usikadirie kichwani. Chukua daftari dogo, na kila unapobadilisha shughuli andika saa, siku saba mfululizo, Jumapili ikiwemo. Ukingoja jioni ndipo ukumbuke, vipande vya dakika ishirini vinakuponyoka, na hivyo ndivyo vinavyokula wiki.

Mimi pia nilikuwa natoka huko huko. Niliamini daladala ni dakika 40. Daftari likasema saa moja na nusu, maana kuna kutembea hadi kituoni na kusubiri gari lijae. Kwenda na kurudi siku sita, saa 18. Usingizi 49, dukani 60, kupika, kufua na kuoga 21, kanisani 4. Jumla 152. Zile 16 zilizobaki zilikuwa simu kitandani na maongezi baada ya kufunga duka. Hapo ndipo nilipotoa saa zangu sita.

Jumla yako ikizidi 168, umehesabu mara mbili, mfano kufua huku sufuria iko jikoni. Usingizi usiuguse. Ukilala kwa muda wa saa saba na bado unaamka umechoka wiki kadhaa, muone daktari.