Muhtasari wa slaidi za picha tupu: kilichoonekana, kinachokisiwa, kisichojulikana

> Wakuu, nimetumiwa slaidi 14 za mradi wa kurudisha mikoko, karibu zote ni picha tupu. Bosi anataka muhtasari wa ukurasa mmoja. Naandikaje bila kutunga?

Mkuu, kabla hujaandika neno, hakikisha faili lenyewe halina maneno yaliyojificha. Omba faili asilia la `.pptx`, usikubali PDF, kwa sababu PDF mara nyingi huacha nyuma maelezo ya msemaji. Lifungue, nenda `View > Notes Page`, pitia slaidi moja moja. Angalia pia slaidi iliyofichwa: namba yake pembeni huwa imekatwa kwa mstari. Kisha fumua faili, maana `.pptx` ni zipu tu:

```
unzip wasilisho.pptx -d wasilisho
ls wasilisho/ppt/notesSlides wasilisho/ppt/media wasilisho/ppt/embeddings
```

Folda ya `notesSlides` isipokuwepo, maelezo hayakuandikwa. Ndani ya `embeddings` ukikuta faili la Excel, huenda grafu ina takwimu zake kamili. Na `media` ina picha zenyewe, mara nyingi pamoja na sehemu zilizokatwa pembeni zisionekane kwenye slaidi. Hizo zikusaidie kuelewa, lakini usiziandike kana kwamba hadhira ilizionyeshwa.

Sasa kazi yenyewe. Tuseme slaidi ya 6 ina picha mbili kando kwa kando, mshale katikati. Kushoto tope na visiki, kulia mikoko iliyoshonana. Mkono utakuvuta uandike "mikoko imerudi baada ya mradi". Sentensi hiyo ina madai matatu ambayo picha haijayasema: kwamba ni eneo moja, kwamba ya kulia ilipigwa baadaye, na kwamba mradi ndio chanzo.

Yapime moja moja. Kuhusu eneo, tafuta kitu kisichohama kwenye picha zote mbili: nguzo, paa, mwamba, mstari wa vilima. Kisha tazama mizizi. Miti inayoitwa mikoko kwa ujumla ni ya aina kadhaa: mkoko wenyewe husimama juu ya mizizi iliyopinda kama miguu ya buibui. Mchu, aina nyingine, hutoa vijiti vyembamba vinavyochomoza wima kutoka kwenye tope. Ukiona vijiti vya mchu vimetapakaa kushoto, na kulia ni miguu ya mkoko peke yake, hiyo ni sababu ya kutilia shaka kuwa ni sehemu ileile, ingawa si uthibitisho, kwani miradi mingi hupanda mkoko hata mahali palipokuwa na mti mwingine. Angalia na maji: picha moja ikiwa ya maji kupwa na nyingine ya maji kujaa, eneo lilelile litaonekana kama dunia mbili.

Ukishapima, aya yako isomeke hivi:

> Slaidi ya 6 ina picha mbili: kushoto tope lenye visiki, kulia mikoko iliyoshonana, na mshale unaoelekea kulia. Kwa sababu ya mshale, tunakisia mtoa mada anaonyesha hali ya kabla na baada. Haijulikani kama ni eneo moja, picha zilipigwa lini, wala kama miti ilipandwa au iliota yenyewe.

Ona kila kisio limebeba sababu yake: "kwa sababu ya mshale". Kisio lisilo na sababu lifute. Na "haijulikani" itaje ni kipi hasa; ukiandika "taarifa hazitoshi" bosi hana la kuuliza.

Grafu iliyobandikwa kama picha, isiyo na namba kwenye mhimili, ndiyo inayopotosha zaidi. Nguzo ya mwisho ikiwa ndefu mara mbili ya ya kwanza, usiandike "imeongezeka maradufu". Mhimili huenda haukuanzia sifuri: 80 na 90 zikichorwa kuanzia 70, ya pili itaonekana ndefu mara mbili. Andika "nguzo zinapanda kutoka kushoto kwenda kulia, kipimo na kiasi havijaonyeshwa".

Kwa watu, andika unachokiona: "watu watano, watatu wamevaa fulana za rangi moja, wameshika miche". Ukiwaita wanakijiji au wafanyakazi wa mradi umeshawapa kazi ambayo picha haikuwapa.

Slaidi za mapambo, kama machweo au nembo, zikusanye katika sentensi moja. Halafu chukua mambo yote uliyoandika "haijulikani", chagua matatu yanayoweza kubadilisha uamuzi wa bosi, umpelekee mtoa mada kabla ya kukabidhi. Akijibu, usiyageuze kuwa "inaonekana". Andika "kwa maelezo ya mtoa mada", ili msomaji ajue hilo lilitoka mdomoni mwake na si kwenye slaidi.