Gharama zikipanda, mshale uwe wa rangi gani?

Kadi ya gharama kwenye dashibodi yetu inaonyesha mshale wa kijani ukielekea juu, 24%. Mkurugenzi kaniuliza tunashangilia nini. Nigeuze mshale uangalie chini, au nibadilishe rangi?

Badilisha rangi, mshale uache ulivyo. Kazi ya mshale ni kusema namba imeelekea wapi, basi. Kama gharama zilikuwa 25,000 mwezi uliopita na sasa ni 31,000, zimepanda, na mshale uangalie juu hata kama habari yenyewe ni chungu. Rangi ndiyo inayosema kama habari ni njema au mbaya. Ukigeuza mshale, msomaji ataona ▼ 24% pembeni ya 31,000 na atapiga hesabu kwamba mwezi uliopita mlitumia zaidi ya 40,000. Hapo utakuwa umemdanganya kwa namba, na hilo ni kosa kubwa kuliko rangi isiyofaa.

Tatizo hili hutokea kwa sababu programu nyingi huanza na dhana kwamba kupanda ni kuzuri. Dhana hiyo inafaa kwa mauzo tu. Kwenye jedwali la vipimo vyenu ongezeni safu moja inayosema kupanda kwa kila kipimo ni kuzuri, kubaya, au hakuna maana yenyewe. Mauzo ni kuzuri. Gharama, bidhaa zinazorudishwa na siku za kusubiri malipo ya wateja ni kubaya. Idadi ya wafanyakazi ipewe kijivu. Watu hupenda kuilazimishia rangi, mimi sioni sababu.

Natumia Excel. Nilipobonyeza Reverse Icon Order, rangi ya gharama ikawa sawa lakini sasa zikipanda mshale unaangalia chini. Nimekosea wapi?

Hujakosea. Katika seti ya mishale ya rangi ya Excel, kijani kimefungwa na juu, nyekundu imefungwa na chini. Mshale mwekundu unaoangalia juu haumo kabisa, kwa hiyo ukigeuza mpangilio vyote viwili hugeuka pamoja. Achana na ikoni, tumia muundo wa namba. Wa kwanza hapa ni wa mauzo, wa pili ni wa gharama:

```
[Color10]▲ 0.0%;[Red]▼ 0.0%;0.0%
[Red]▲ 0.0%;[Color10]▼ 0.0%;0.0%
```

Sehemu ya kwanza ni ya namba chanya, ya pili ni ya hasi, ya tatu ni ya sifuri. `Color10` ni kijani kilichokolea, kinachosomeka vizuri zaidi kuliko `[Green]` inayoumiza macho.

Kuna sababu nyingine ya kuziacha ikoni hizo. Zikiachwa kama zilivyo, mipaka yake ya 33 na 67 haiangalii sifuri, inaangalia nafasi ya thamani kati ya ndogo kabisa na kubwa kabisa katika seli ulizochagua. Kama gharama zako zote zimepanda, ya chini kwa 2% na ya juu kwa 30%, ile ya 2% itapewa mshale wa kushuka wakati haijashuka hata kidogo.

Mimi nimetengeneza dashibodi kwa Streamlit. Nimeweka "inverse" kwenye gharama kama maelekezo yanavyosema, lakini zikipanda bado naona kijani. Kwa nini?

Angalia data yako kwanza. Nadhani gharama zinatoka kwenye mfumo wa uhasibu zikiwa na alama ya kutoa. Kutoka -25,000 kwenda -31,000 tofauti ni -6,000, kwa hiyo programu inaona kushuka. Bila `inverse` ungepata mshale wa chini na rangi nyekundu: rangi sahihi kwa bahati, mshale wa uongo. Ulipoweka `inverse` ukageuza kitu ambacho data ilikuwa imeshakigeuza, na ndiyo maana kimerudi kijani.

Usumbufu haukomi hapo. Asilimia ya mabadiliko hayohayo ni -6,000 kugawanya kwa -25,000, yaani +24%. Kadi inayoonyesha tofauti itasema zimeshuka, na inayoonyesha asilimia itasema zimepanda.

Geuza alama mara moja tu, data inapoingia. Zidisha kwa -1, usitumie `abs()`, kwa sababu pesa uliyorudishiwa na msambazaji inapaswa kupunguza gharama, na `abs()` itaifanya iongeze. Baada ya hapo andika:

```
st.metric("Gharama", "31,000", delta="24%", delta_color="inverse")
```

Kama unatuma badiliko kama maandishi, hasi ianze na alama ya kutoa. Mtindo wa kihasibu wa kuweka hasi ndani ya mabano, kama `(6,000)`, utasomwa kuwa ni ongezeko.

Gharama zetu hupanda kila tunapouza zaidi. Kila mwezi mzuri wa mauzo, kadi ya gharama ni nyekundu na watu wanaogopa bure. Si kila kupanda ni kubaya, au?

Si kila kupanda. Hapa ndipo kanuni ya "gharama juu, nyekundu" inapoishia. Chukua mauzo yaliyotoka 40,000 hadi 46,000, ongezeko la 15%. Kama gharama zimetoka 25,000 hadi 28,000, zimepanda 12%, lakini faida imetoka 15,000 hadi 18,000. Kuzipaka nyekundu ni kulalamikia mwezi mzuri. Sasa weka gharama za yule msomaji wa kwanza, 31,000, kwa mauzo hayohayo. Faida ni 15,000, palepale ilipokuwa. Mmeuza zaidi bila kubaki na chochote cha ziada, na nyekundu hapo ni halali.

Kinachotenganisha hali hizi mbili ni gharama ukizigawanya kwa mauzo. Uwiano ulikuwa 62.5%. Katika hali ya kwanza umeshuka hadi 60.9%, katika ya pili umepanda hadi 67.4%. Kwa gharama zinazofuata mauzo, kama malighafi, usafirishaji na kamisheni, acha mshale uonyeshe kiasi kilivyokwenda na rangi itokane na uwiano. Kwa hiyo inawezekana kabisa kuwa na ▲ 12% ya kijani kwenye kadi ya gharama, ila andika chini yake "60.9% ya mauzo, ilikuwa 62.5%", la sivyo watu watadhani dashibodi imeharibika.

Gharama zisizofuata mauzo, kama kodi ya jengo au leseni za programu, zipime kwa bajeti. Kupanda kulikopangwa na kukaa ndani ya bajeti nisingekupa nyekundu.

Ukionyesha badiliko la uwiano wenyewe, kutoka 62.5% hadi 67.4% ni pointi 4.9 za asilimia. Ukiandika "+4.9%" msomaji makini atakuuliza ni 4.9% ya nini.

Mwenzetu mmoja hatofautishi nyekundu na kijani. Mshale si unamtosha?

Kwenye mauzo ulikuwa unamtosha, maana juu ni kuzuri. Kwenye gharama haumtoshi tena, kwa kuwa hukumu sasa imebaki kwenye rangi peke yake. Na si yeye tu: miongoni mwa wanaume wenye asili ya Ulaya ya kaskazini, takriban 1 kati ya 12 ana shida ya namna hiyo. Tumia bluu na rangi ya chungwa, kisha ongeza neno fupi kwenye kadi: "nafuu", "imezidi bajeti". Neno hilo litawasaidia pia wasomaji wa China na Japani, ambako kwenye mbao za bei za hisa nyekundu ni kupanda.