Barua kwa mwanangu: kikombe cha mwisho ulikunywa saa ngapi?

"Mama, mbona kila siku ya kwanza ya Ramadhani kichwa kinanigonga tangu adhuhuri? Ni njaa, au niache kahawa kabisa?"

Mwanangu,

Kabla hatujaisingizia njaa, niambie kikombe cha mwisho ulikunywa saa ngapi. Ndilo swali ninalomuuliza kila mtu sasa, na ningeomba mtu angeniuliza mimi ule mwaka wa baba yako.

Unakumbuka alivyokuwa na vikombe vyake vinne, cha mwisho saa kumi jioni akitoka kazini. Mwaka ule alisema daku yake ni maji na chakula tu, kahawa haitaki alfajiri. Siku ya kwanza, saa sita mchana, nikamkuta amekaa kitandani ameshika kichwa kwa mikono miwili, hataki mwanga, hataki sauti. Nami, mbele yenu na mbele ya shangazi yako, nikamwambia: "Wenzio wote wamefunga, wewe tu ndiye njaa inakuumiza?" Hakunijibu. Lile jicho aliloniangalia nalo silisahau.

Magharibi akafuturu. Akanywa maji, akala, akasali, kichwa kiko palepale. Ndipo akanywa kahawa, na haikupita nusu saa akawa anacheka na nyinyi. Hapo nilipaswa kuelewa. Ingekuwa njaa, chakula kingeitoa. Ingekuwa kiu, maji yangeanza kumpa nafuu.

Nilikuja kuelewa baadaye. Ubongoni kuna kitu kinaitwa adenosini. Hujikusanya kadiri mtu anavyokaa macho, kikimletea uchovu na kuitanua mishipa ya damu ya kichwani. Kafeini ya kahawa au chai hukalia mahali ambapo adenosini ingekaa, basi uchovu unajificha na mishipa inabana. Ukinywa kila siku, ubongo unajibu kwa kuongeza mahali pa adenosini kukaa. Sasa ikipita siku bila kafeini, adenosini inakuta nafasi tele, zaidi ya alizonazo mtu asiyekunywa. Mishipa inatanuka, damu inapita kwa wingi, ndiyo hiyo ngoma unayoisikia pande zote mbili za kichwa, pamoja na usingizi na hasira za bure.

Maumivu hayo huanza kati ya saa 12 na 24 baada ya kikombe cha mwisho. Hesabu ya baba yako basi: saa kumi jioni mpaka saa sita mchana ni saa 20. Nilimlaumu kwa imani, kumbe ilikuwa saa.

Na wewe? Ulinitajia cha asubuhi na cha saa nane mchana. Kafeini hupungua kwa nusu kila baada ya saa tano hivi, kwa hiyo ikifika alfajiri ya mfungo kimebaki kidogo sana, na adhuhuri ndiyo hiyo. Halafu unakunywa kikombe kikubwa baada ya futari, kichwa kinapoa, na kesho mwendo ni uleule. Ndiyo maana kwako hakiishi ndani ya siku chache, ingawa aliyeacha moja kwa moja huwa amepona ndani ya siku mbili hadi tisa.

Kuhusu kuacha, ulimi unaniwasha. Nataka kukwambia acha. Lakini baba yako alikunywa maisha yake yote na kikombe kimoja cha daku kilimtosha kufunga mwezi mzima bila kichwa, kwa kuwa toka daku mpaka magharibi hazizidi sana saa 14. Ila kulala tena baada ya daku akawa hawezi, na hilo nalo lilimchosha. Basi sikuhukumii. Ukitaka kupunguza, anza wiki mbili kabla: toa robo ya kikombe, kaa siku mbili tatu, toa robo nyingine. Chai na soda ya kola zihesabu pia, na usome karatasi ya dawa zako za maumivu, maana baadhi zina kafeini ndani.

Jioni ya leo fanya hivi: maji na chakula kwanza, usubiri saa nzima kabla ya kahawa. Kikipoa kabla hujaigusa, nimekosea, tuzungumze habari ya maji. Lakini kichwa kikija ghafla kwa ukali usiowahi kuuona, au kikaja na homa na shingo ngumu, au upande mmoja wa mwili ukalegea, hapo si kahawa, nenda hospitali usisubiri magharibi.

Nipigie baada ya Isha, uniambie kilipoa baada ya maji au baada ya kahawa.

Mama yako