Pimbi, komba na sange katika picha zenu

Mwalimu, nimempiga huyu picha chini ya Mnara wa Fischer kule Hell's Gate. Amenona, hana mkia. Mwenzangu anasema ni panya buku. Ni kweli? (Msomaji, Naivasha)

Huyo ni pimbi, na bahati yako ulimpata akipiga miayo. Panya wa aina yoyote ana meno mawili ya mbele juu na mawili chini, mapana kama patasi, yaliyobanana. Wako huyu ya juu yameachana, yamechongoka na kupinda kidogo kama vipembe. Kwa ndovu, meno hayohayo ndiyo yanayorefuka yakawa pembe zake, maana pimbi, ndovu na nguva wana asili moja. Panya buku, kwanza, angekuwa na mkia mrefu wenye ncha nyeupe.

Sasa kuza picha utazame miguu. Wa mbele una vidole vinne, wa nyuma vitatu, na kucha ni butu kama kwato ndogo. Kidole cha ndani cha mguu wa nyuma pekee ndicho chenye ukucha mrefu uliopinda, anaochania manyoya. Nyayo ni laini kama mpira na daima zina unyevu, ndiyo maana anakwea jabali lililosimama wima bila kuteleza.

Chunga jambo moja: kuna pimbi wa aina mbili, na pengine hukaa kwenye miamba ileile. Mwenye pua nyembamba, tumbo jeupe na alama nyeupe juu ya macho ni yule mdogo wa vichakani. Wako amejaa usoni, pua ni butu, tumbo halitofautiani sana na mgongo. Namwita pimbi wa mawe bila wasiwasi.

Na yale madoa meupe kwenye mwamba? Mtu alipaka chokaa? (Huyohuyo)

Ni mkojo wao. Pimbi hunywa maji machache, mkojo wake ni mzito na una chokaa ya asili. Ukoo mzima huenda haja mahali pamoja, vizazi na vizazi, na maji yakikauka weupe unabaki. Ukiuona, rudi hapo asubuhi jua likianza kupiga. Joto la mwili wa pimbi hushuka usiku, kwa hiyo wakitoka hulala wamerundikana kwenye jua hadi wapate moto, na hapo utawapiga picha kwa utulivu.

Nyuma ya nyumba yetu Nakuru kuna tumbili wadogo kwenye migunga, usiku tu. Kila picha inatoka nukta mbili nyekundu. Nifanyeje? (Mama wa watoto watatu)

Mama, tumbili hulala usiku. Hao ni komba wadogo, na migunga imewaita kwa utomvu wake, ambao wanaulamba pamoja na kula wadudu. Wekundu ni mwanga wa kamera yako unaorudi kutoka nyuma ya jicho. Uzime, ufunge karatasi nyekundu ya plastiki kwenye tochi, kisha utazame nukta zinavyokwenda. Zikitambaa taratibu juu ya tawi, huenda ni kanu. Zikipotea hapa na kutokea mti wa pili papo hapo, ni komba: huruka juu mita 2 na zaidi, ingawa mwili wake haufiki gramu 300. Picha ikitulia, tafuta masikio makubwa membamba kama karatasi na mkia mrefu usioshika tawi.

Naweza kumfuga mmoja? (Kisumu)

Hapana. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inakataza bila kibali. Tena komba hujikojolea viganja na nyayo, kisha hukanyaga kila mahali.

Nilikuwa Kibwezi, nikapiga picha kipanya chenye pua kama mkonga. Ni kirukanjia? (Kisumu)

Kirukanjia ana macho madogo kama punje na miguu mifupi. Wako ana jicho kubwa lenye duara jeupe, na miguu ya nyuma mirefu iliyokunjwa kama ya sungura. Ni sange, na pua hiyo huipeleka huku na huku akinusa mchwa na siafu.

Ila kilichonifurahisha zaidi katika picha yako kiko chini yake. Umeona ule mstari wa udongo mtupu katikati ya majani makavu? Ni njia yake. Sange huishi dume na jike wawili katika eneo lao, na kila siku hupita wakifagia majani kwa miguu ya mbele, dume akifanya sehemu kubwa ya kazi. Hawachimbi shimo la kukimbilia. Mwewe akitokea, usalama wao ni mbio, na jani moja lililoanguka njiani linaweza kumkwaza. Ukirudi Kibwezi, kaa kando ya njia kama hiyo alfajiri au jioni, bila kuikanyaga. Atapita tena palepale.