Mteja hajatuma picha wala bei: nimwandikieje?

*Natengeneza tovuti ya nyumba ya wageni ya mama mmoja hapa Bagamoyo. Tulikubaliana iwe hewani tarehe 30, lakini hii ni wiki ya tatu hajatuma picha wala bei za vyumba. Nikimkumbusha anajibu "sawa, nitatuma". Nimwandikieje asione namlaumu?*

Anza kwa kusoma tena ulichomwomba. Kama uliandika "naomba maudhui yote ya tovuti", huenda hapo ndipo palipokwama. Mwenye nyumba ya wageni anajua vyumba, feni na chai ya asubuhi. "Maudhui" kwake ni mzigo usio na umbo, kwa hiyo anajibu "nitatuma" na simu inarudi mkobani. Omba kile tu kinachozuia kazi leo. Historia ya nyumba itasubiri.

Kisha angalia kitenzi. "Hujanitumia picha" inamnyooshea kidole hata ukiitanguliza na samahani. Uweke ukurasa mbele badala yake: "ukurasa wa vyumba umebakiza picha." Na "kama nilivyokueleza awali" ifute kabisa, maana anayeisoma husikia karipio.

Ujumbe wenyewe uwe hivi:

"Shikamoo mama. Ukurasa wa mwanzo umekamilika, nimekutumia picha yake uuone. Ukurasa wa vyumba umebakiza vitu viwili: bei ya kila aina ya chumba, na picha mbili za kila aina. Vikinifikia kabla ya Jumatano saa kumi jioni, tarehe 30 inabaki palepale. Vikichelewa, nitahitaji siku nne za kazi tangu vinifikie. Bei unaweza kunitajia kwa sauti tu, nitaziandika mwenyewe."

Hizo siku nne ndizo zinazobeba uzito wa ujumbe. Tarehe imefungwa kwenye vitu, haikufungwa kwenye tabia ya mama, na baadaye hakuna atakayeshangaa ikisogea. Taja siku unazozihitaji kweli, usiongeze za kutishia.

Picha azitume WhatsApp kama dokumenti. Akizituma kama picha za kawaida zinabanwa, na zikikuzwa kwenye skrini ya kompyuta zinaonekana na ukungu, halafu itakubidi umwombe upya.

Jumatano ikipita kimya, usiandike tena. Mpigie asubuhi umuulize: "Mama, picha za vyumba zipo, au tupange siku zikapigwe?" Mara nyingi sababu hujitokeza hapo: picha hazipo kabisa, au bei inasubiri neno la ndugu anayemiliki naye nyumba, na aliona haya kukuambia. Mkimaliza kuongea, mwandikie mistari miwili ya mlichokubaliana, pamoja na tarehe mpya.

Bei zikiendelea kukwama, mwombe ruhusa ukurasa uende hewani ukiwa na "Bei: piga simu" na namba ya mapokezi. Usikisie bei ili kujaza nafasi. Mgeni akifika na bei ya kubuni mkononi, atakayebishana naye ni mama, na hapo lawama itakuwa yako kwa haki.