Betri ya inveta ikinuka yai viza, usikimbilie kununua nyingine

Tulianza kwa kumsingizia panya. Ilikuwa Oktoba, Tabora iko kwenye joto lake la kusubiri mvua, na nyumba yetu pale Isevya ilikuwa inanuka yai viza kuanzia ukumbini mpaka jikoni. Mama Neema alivuta kabati, akamwaga dawa kwenye karo, akafua hadi mazulia. Harufu inapungua asubuhi, jioni inarudi. Aliyetegua kitendawili ni Neema mwenyewe, ana miaka sita, alikuwa amejilaza kwenye mkeka karibu na mlango wa stoo: "Baba, nani anachemsha maharage humu ndani?"

Nikaweka sikio mlangoni. Kweli, kitu kilikuwa kinachemka. Nikaingia na tochi ya simu nikakuta betri ya inveta, betri ya maji ya volti 12, ampea-saa 200, ina umri wa miezi miwili tu, inatokota. Vifuniko vyake vimelowa, ubavuni kuna michirizi ya maji, na nilipogusa ganda kwa kiganja nikautoa mkono haraka.

Hapo nilikaribia kufanya kosa ambalo sitaki mtu mwingine alifanye. Nilitaka kung'oa nyaya kwenye vichwa vya betri pale pale. Betri inayochemka hivyo inatoa hewa mbili, hidrojeni na oksijeni, kwa sababu umeme uliozidi hauna pa kwenda ila kuyavunja maji. Hidrojeni ikifika asilimia 4 tu ya hewa ya chumba, cheche moja inatosha kuilipua, na waya unaotolewa kwenye kichwa cha betri wakati chaji inaingia lazima utoe cheche. Bahati nzuri spana haikuwepo karibu. Nikatoka, nikazima swichi kubwa ya nyumba iliyo barazani, mbali kabisa na stoo, ili chaja iliyo ndani ya inveta ikose umeme. Madirisha yote wazi, watoto nje, jiko la mkaa likasogezwa uani.

Ile harufu yenyewe ni gesi nyingine, hidrojeni salfaidi, inayotokana na asidi ya betri pale inapochajiwa kupita kiasi na kupata joto. Ni sumu, na ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inatulia chini, pale pale ambapo Neema alikuwa ametandika mkeka wake. Ina hila moja mbaya: ikizidi sana inaua uwezo wa pua kunusa. Ukiona harufu imepotea ghafla bila mlango kufunguliwa wala chaji kuzimwa, usifurahi, toka nje.

Betri niliiacha hadi kesho yake ipoe. Sikuongeza maji usiku ule.

Sasa nirudi nyuma kidogo, maana hii ilikuwa betri ya pili. Ya kwanza ilidumu mwaka mmoja na nusu. Ilipofika hapo inveta ikaanza kupiga kelele mapema, umeme ukikatika saa moja jioni, saa tatu alamu inalia kwamba betri imeisha. Fundi aliyenifungia akaja, akasoma kioo cha inveta, akasema, "Bosi, betri imechoka. Ngoja niijaribu kuifufua." Akageuza kitu nyuma ya inveta, akaondoka. Baada ya wiki tatu betri ikawa haishiki kabisa, nikanunua mpya, akaifunga mahali pale pale. Hakuigusa tena ile swichi ya nyuma, na mimi sikujua hata kama ipo.

Safari hii nikamwita mzee mmoja anayetengeneza betri za magari karibu na stendi. Alikuja na mita ya kawaida ya kupimia umeme na haidromita yake ya kioo, ya kupimia uzito wa asidi ya betri, iliyofungwa kwenye kitambaa. Kabla ya kuwasha chochote akapima betri ikiwa imelala usiku kucha bila kuchajiwa wala kutumika. Mita ikasoma 12.7. Ni betri iliyojaa hiyo. Kisha akaniambia niwashe inveta, bila umeme wa ukutani, bila taa yoyote, nimsomee kioo chake. Nikamsomea: 11.9.

Akanyamaza. Akapima tena vichwani mwa betri, bado ni 12.7 kasoro kidogo sana. "Basi, mwanangu, inveta yako imelewa," akasema. "Betri imejaa, yeye anaiona nusu tupu."

Kwa wenye inveta, kama mtachukua kitu kimoja hapa, chukueni hicho kipimo. Kinataka mita ya bei ndogo na dakika tano. Linganisha namba ya kioo na namba ya mita iliyogusa vichwa vya betri, wakati hakuna kinachovuta umeme wala kuchaji. Zikipishana kwa 0.1 si neno. Zikipishana kwa 0.8 kama zangu, chaja hiyo haijui inachokifanya, kwa sababu inaamua kwa kutumia namba ile ile inayoiona yenyewe.

Ukishaelewa hilo, mkasa wote unajieleza. Inveta ilikuwa inasoma chini ya ukweli kwa karibu asilimia 7. Ndiyo maana alamu ililia mapema: yenyewe iliona volti 10.5, kumbe betri iko kwenye 11.2 na bado ina nguvu. Na chaji ikirudi, inapodhani imefikisha 14.4 ikate, betri yenyewe imeshapigwa 15.4. Betri ya maji ya volti 12 ina seli sita, na kila seli ikipita volti 2.4 hivi inaanza kutoa mapovu mengi. Sita mara 2.4 ni 14.4. Kila kinachozidi hapo kwa muda mrefu si chaji tena, ni jiko.

Halafu mzee akauliza swichi ya kuchagua aina ya betri iko wapi. Iko nyuma, kitundu kidogo chenye mshale na namba 0 hadi 9, unageuza kwa bisibisi bapa. Pembeni yake kuna kibandiko chenye jedwali. Mshale wangu ulikuwa kwenye 8. Kwenye jedwali la inveta yangu, 8 ni ya kuondoa salfa iliyoganda kwenye pleti za betri: volti 15.5 kwa saa nne. Hiyo ni dawa ya betri ya maji iliyolala muda mrefu, inatolewa mara moja huku mtu anaisimamia, chumba kiko wazi. Siyo mahali pa kuishi. Ya kwangu ilikuwa inaanza upya kila umeme unaporudi, na kwetu umeme unaweza kukatika na kurudi mara tatu kwa siku. Jumlisha na ule upofu wa chaja: tulipoiwasha kwa dakika chache, milango wazi, mita vichwani ilipanda hadi 16.6 huku kioo kikionyesha 15.5 kwa utulivu kabisa.

Tukazima, tukageuza mshale hadi 4, ambayo kwenye jedwali langu ni 14.4. Namba hizi hutofautiana, soma kibandiko cha inveta yako na karatasi ya betri yako. Yangu ilitaka kati ya 14.4 na 14.7, lakini hiyo ni kwa joto la nyuzi 25. Stoo yangu mwezi wa kumi ni 35. Kwa kila nyuzi moja ya ziada unapunguza kama volti 0.024, kwa hiyo nyuzi 10 zinakula karibu robo ya volti. Ndiyo maana tulichagua ile ya chini. Na mwenye betri kavu ya jeli awe mwangalifu zaidi, hiyo ikichemka hakuna mahali pa kuongeza maji, inavimba tu.

Hata kwenye 4, mita ilifika 15.4. Hapo ndipo nilipouliza swali ambalo naona wengi huuliza: labda ni waya? Mzee akacheka. Waya mbovu hula umeme njiani, kwa hiyo wakati wa kuchaji namba ya betri inakuwa ndogo kuliko ya inveta. Yangu ilikuwa kubwa. Hakuna waya unaoongeza volti.

Inveta ikaenda kwa fundi wa bodi. Alipoifungua alinionyesha kona moja ya bodi iliyoota ukungu wa kijani, kwenye rizista mbili ndogo zinazopima volti za betri. Risasi ya kuchomelea imeliwa na asidi. Nani aliyeileta asidi huko? Inveta ilikuwa imetundikwa ukutani juu ya betri, nusu mita tu. Mvuke wa betri ulipanda moja kwa moja kwenye feni yake mwaka mzima na nusu, hata kabla ya kuanza kuchemka. Akabadilisha rizista, akasafisha, akapaka vanishi. Kipimo cha baadaye: mita 12.6, kioo 12.6.

Betri yenyewe ilikunywa karibu lita mbili za maji yaliyosafishwa ya betri. Siyo asidi, maana kilichopotea ni maji. Kwanza tuliongeza hadi kufunika pleti tu, tukachaji kwa chaja ya kuazima, kisha tukajazia hadi kwenye alama. Ukijaza pomoni kabla ya kuchaji, maji yakipata joto yanafurika na asidi yake. Suruali yangu ya kazi ina vitundu saba kwa ajili ya somo hilo. Haidromita ilisoma kati ya 1.250 na 1.260 kwenye seli zote sita. Seli moja ingeachana na wenzake kwa 0.050 au zaidi, tungekuwa tunazika. Na hiyo ndiyo dalili ya ugonjwa wa aina nyingine: volti za chaji ziko sawa, lakini seli moja tu haifanyi kama wenzake na betri ikilala inashuka kuelekea 10.6. Hapo mkosaji ni betri, chaja haina dhambi.

Sasa betri iko barazani nyuma, kwenye sanduku la mbao lenye matundu juu na chini, na inveta iko ukutani upande wa pili. Taa na televisheni zinakwenda saa nne, mwanzoni ilikuwa tano.

Ile betri ya kwanza, niliyoambiwa imechoka, nilikuwa nimeshaiuza kwa wanunua chuma chakavu, kwa kilo. Sikumbuki kama kuna mtu aliyewahi kuiwekea mita.